Emoji kwenye maelezo ya apu na kwenye arifa: anayekataa ni mashine au mkaguzi?

#1 Mkwezi

Wakuu, habari.

Nina apu ndogo ya kumkumbusha mtu tabia anazojijengea: kunywa maji, kusoma kurasa kumi, kulala mapema. Toleo jipya liko tayari tangu juzi, nimekwama kwenye maandishi tu. Maelezo yangu yana orodha ya vipengele sita na kila kimoja kinaanza na emoji: 🚀, 🔒, 🎉 na kuendelea. Google Play imeyapokea hivyo hivyo. App Store Connect hainiruhusu hata kuhifadhi. Inasema sehemu hiyo haiwezi kuwa na herufi zifuatazo, halafu inazitaja moja moja.

Sasa kuna apu ya mshindani wangu iko App Store na maelezo yake yana nyota na tiki kuanzia juu hadi chini. Yeye kapitaje? Kuna mkaguzi aliyemwonea huruma, au mimi nimekosea kitu? Na kwenye arifa nako kuna sheria? Nilikuwa napanga kuziweka huko pia.

#2 Nahodha_Apu

Mkuu, shukuru Google hawajakuona bado. Walipiga marufuku emoji zote mwaka 2021, jina, maelezo, kila kitu. Ukifika kwenye zamu ya mkaguzi utaondolewa. Kwa Apple ni bahati ya mkaguzi uliyempata siku hiyo, mmoja anapitisha, mwingine anakataa.

#3 Tausi

Nahodha, mwaka umepatia, mengine hapana.

Google walitangaza Aprili 2021 na utekelezaji ukaanza 29 Septemba 2021. Marufuku yenyewe inagusa vitu vitatu: jina la apu, ikoni, na jina la mtengenezaji. Humo hawataki emoji, wala nyuso za alama kama `:-)`, wala alama maalumu zilizorudiwarudiwa, wala jina lote kwa herufi kubwa kama si ndivyo chapa yako inavyoandikwa. Wakati huo huo jina likapunguzwa kutoka herufi 50 hadi 30.

Maelezo mafupi, yale ya herufi 80, wanashauri yasiwe na emoji. Huo ni mwongozo, na anayeuvunja anajipunguzia nafasi ya kupendekezwa kwa watu na duka. Maelezo marefu ya herufi 4000 hayana marufuku hiyo. Mkwezi hajaponyoka kwa bahati, ameziweka mahali panaporuhusiwa.

Na suala la Apple alilolieleza halina mkaguzi ndani yake. Fomu imekataa kabla hajabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Mkaguzi ni binadamu anayekuja baadaye. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni muda: jibu likija papo hapo na likitaja herufi yenyewe, ni kichujio cha fomu. Likija baada ya saa au siku, likiwa na namba ya kifungu na pengine picha ya skrini, hapo umesomwa na mtu.

#4 Mkwezi

Ahsante dada Tausi. Basi nikiri jambo moja ambalo sikulitaja mwanzo kwa sababu niliona ni kitu kingine. Kwenye Google jina langu nililiwekea 🔥 mwishoni, likarudishwa. Nikaitoa pamoja na neno "Bora" nililoweka kabla ya jina, likapita. Nilidhani wamekasirishwa na hilo neno tu.

#5 Tausi

Yote mawili. Sera ile ile inakataza maneno ya kujisifia nafasi kwenye jina, kama "bora", "namba moja", na ya kuvuta mtu kama "bure" au "pakua sasa". Ungetoa emoji ukaacha "Bora" ungerudishwa tena.

#6 Debe Tupu

Naomba kuchomekea na mimi. Nilijaribu kuweka emoji ya kengele kwenye arifa za Android. Kwenye kompyuta inaonekana vizuri ya njano, kwenye simu juu kabisa inatokea mraba mweupe mtupu. Hivi ni Google wanaizuia? Nimebadilisha picha mara nne.

#7 Kipepeo

Debe Tupu, wewe unazungumzia ikoni ya arifa, Mkwezi anauliza maandishi ya arifa. Lakini jibu lako ni jepesi. Tangu Android 5.0 ikoni ndogo ya arifa haichorwi kwa rangi zake. Mfumo unaangalia tu wapi picha ina uwazi na wapi haina, kisha unapaka sehemu isiyo na uwazi rangi moja. Picha yako ya emoji ina mandhari iliyojaa, kwa hiyo yote inakuwa mraba. Chora umbo la kengele kwa nyeupe, mandhari iwe na uwazi, hutaiona tena hiyo shida.

#8 Debe Tupu

Imekubali!! Nimepoteza wiki nzima kwa hili. Barikiwa.

#9 Mzee wa Baiti

Mkwezi, turudi kwa mshindani wako. Usimwonee wivu, pengine hana emoji hata moja. Nakili nyota yake uibandike kwenye kifaa chochote cha kutazama namba za Unicode. Ukikuta U+2605, hiyo ni ★, alama ya kale ya uchapaji ambayo haimo kwenye orodha ya emoji. Nyota ambayo ni emoji ni ⭐, U+2B50. Tiki nazo hivyo hivyo: ✓ ni U+2713 na si emoji.

Mimi naamini kichujio chao kinahesabu baiti. Kila herufi iliyo juu ya U+FFFF inachukua baiti nne katika UTF-8, na zako zote ziko huko: 🚀 ni U+1F680, 🔒 ni U+1F512, 🎉 ni U+1F389. Zile za baiti tatu, ★ na ✓ na ►, zinapita. Mpaka uko pale.

#10 Kipepeo

Mzee wa Baiti akitazama emoji haoni uso, anaona baiti 😄 Lakini mzee wangu, nadharia yako inakwama kwenye ✅. Hiyo ni U+2705, baiti tatu kama ★, na mimi imenikatalia. Ingekuwa ni kuhesabu baiti ingepita.

Naona kigezo ni kama herufi huonyeshwa kwa rangi yenyewe bila kuombwa. Unicode imezigawa: ziko ambazo kwa kawaida yake ni picha, kama ✅ na ⭐, na ziko ambazo kwa kawaida ni maandishi lakini zinaweza kugeuzwa picha, kama ✔ na ❤. Hizo za pili zinageuka picha pale zinapofuatwa na herufi isiyoonekana, U+FE0F. Kibodi ya simu inakuwekea hiyo herufi bila kukuambia. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuandika tiki ile ile kwa macho, mmoja kaiandika kwenye simu, mwingine kanakili kutoka jedwali la alama, na maandishi yao si sawa.

#11 Mzee wa Baiti

Hoja ya U+FE0F naikubali, hiyo imewahi kunitesa. Lakini ✅ mimi niliwahi kuipitisha kwenye sehemu ya mambo mapya ya toleo. Ni zamani kidogo, ila ilipita na watu waliiona.

#12 Nahodha_Apu

Basi hapo ndipo ninapoingia. Mzee kasema "zamani". Maelezo ya toleo lililopita yanabebwa kwenda toleo jipya. Kama mshindani wa Mkwezi aliandika ya kwake kabla kichujio hakijakazwa na hajayagusa tangu hapo, yanabaki. Akija kubadilisha neno moja tu fomu inamsoma upya yote na kumkatalia. Nimeona mtu aliyekwama hivyo kwa kurekebisha nukta.

#13 Kipepeo

Inawezekana. Ila hiyo inaeleza tofauti ya nyakati, haielezi kwa nini ★ inapita leo hii mbele ya macho yangu.

#14 Nahodha_Apu

Nasikia pia anayepeleka maandishi kwa njia ya API badala ya fomu ya wavuti anapita.

#15 Tausi

Hapana. Mimi napeleka kwa hati ya amri, sijagusa fomu kwa muda mrefu, na kichujio kinanikamata huko huko. Tofauti ni moja tu: kwenye fomu unaambiwa ukiwa bado unaandika, kwa API kazi nzima ya kupeleka inakatika katikati. Kama unapeleka lugha kadhaa kwa mpigo, unaweza kujikuta lugha tatu zimeingia na ya nne imegoma kwa sababu mfasiri wake aliongeza 🎉 moja. Sasa hivi kabla ya kupeleka napitisha faili zote kwenye kipimo hiki cha Python:

```python
import sys
for n, mstari in enumerate(open(sys.argv[1], encoding="utf-8"), 1):
    for c in mstari:
        if ord(c) > 0xFFFF or c in "\ufe0f\u200d\u2705\u2b50":
            print(n, hex(ord(c)), c)
```

Kama mnavyoona, nimechukua upande wa Mzee na upande wa Kipepeo kwa pamoja. Kinanionyesha mstari, nautoa, naendelea. Badala ya emoji naweka •, na sijawahi kurudishwa kwa hiyo.

#16 Zumari

Mnazungumzia maandishi, mimi niwaambie kuhusu picha, maana hapo mkaguzi ni binadamu kweli kweli.

Mwanzoni mwa 2018 watengenezaji wengi walirudishiwa apu kwa kifungu 5.2.5, kile kinachohusu mali ya Apple. Kosa lilikuwa kutumia michoro ya emoji ya Apple kama sehemu ya muundo: kitufe chenye uso unaocheka, ikoni, picha ya ukurasa wa kwanza. Mtumiaji akiandika emoji kwenye ujumbe wake haina tatizo, hiyo ni maandishi yake. Tatizo ni wewe kuuchukua mchoro na kuufanya pambo la bidhaa yako. Hizo herufi ni za Unicode, za wote. Michoro ni ya aliyeichora.

Yangu ilikuwa ya mteja. Tulikuwa na kipimo cha hali ya moyo, nyuso tano kutoka huzuni hadi furaha, kila moja ni emoji iliyowekwa kama lebo kubwa. Tukarudishwa. Tukabadilisha nyuso, tukarudishwa tena, nikaona ni ukorofi. Kumbe picha za skrini za dukani bado zilikuwa za zamani! Nilikuwa natazama apu tu, yeye alikuwa anatazama ukurasa mzima. Siku nilipopiga picha upya ndipo tulipopita.

Tulizoweka badala yake ni za Twemoji. Leseni yake ni CC BY 4.0, inataka utaje chanzo, tukataja kwenye ukurasa wa "Kuhusu". OpenMoji nayo ni nzuri ila ni CC BY-SA, ukiibadilisha mchoro unatakiwa uuachie kwa masharti yale yale. Noto ya Google ina leseni huria pia.

#17 Mkwezi

Zumari umeniokoa, picha yangu ya tatu ina 🎉 kubwa niliyoipiga kutoka kwenye simu. Naitoa leo.

Sasa arifa. Kwa sababu ndizo zilizonileta huku mwanzoni. Nimejaribu kujitumia hii: "Umefikisha siku 7 mfululizo 🔥 Fungua uone zawadi yako". Inayofika ni "Umefikisha siku 7 mfululizo" basi. Hakuna emoji, hakuna kilichofuata. Kumbukumbu za seva hazionyeshi kosa lolote. Je, hapo nako kuna kichujio cha duka?

#18 Nahodha_Apu

Hiyo ni huduma ya kutuma arifa inaondoa emoji. Wanazipunguza kwa sababu ya uzito wa ujumbe.

#19 Bi Kanzidata

Mwanangu Mkwezi, kabla hujailaumu huduma ya kutuma, nijibu swali moja. Ujumbe unautuma moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, au unakaa kwanza kwenye MySQL na kitu kingine kinausoma na kuutuma?

#20 Mkwezi

Unaingia kwenye jedwali kwanza mama, halafu kuna kazi inayoamka kila dakika inasoma na kutuma.

#21 Bi Kanzidata

Nilijua. Emoji ingekuwa inaondolewa na mtu, ungeona "siku 7 mfululizo  Fungua uone zawadi yako", na nafasi mbili katikati. Wewe umepoteza na sentensi iliyofuata. Huyo ni MySQL.

Kile MySQL ilichokiita `utf8` kwa miaka mingi si UTF-8 kamili. Kinashika herufi za hadi baiti tatu tu. Kinachoshika nne kinaitwa `utf8mb4`, kilikuja na toleo 5.5.3 mwaka 2010, na ndicho cha kawaida tangu 8.0. Jedwali lililotengenezwa zamani linabaki na ya zamani hata ukipandisha toleo. Ikifika herufi ya baiti nne kwenye safu ya aina hiyo, kuna njia mbili. Hali kali ikiwa imewashwa, unapata kosa 1366, `Incorrect string value`, na hakuna kinachoingia. Hali kali ikiwa imezimwa, inakata maandishi pale pale ilipokutana na herufi hiyo, inahifadhi kipande cha mbele, na kukuachia onyo ambalo hakuna anayelisoma. Ndiyo maana kumbukumbu zako ni safi.

Fanya hivi. Kwanza ingiza ujumbe wenye ❤ badala ya 🔥. Moyo huo ni U+2764, baiti tatu, utapita mzima. Ukipita moyo na moto ukakatwa, tatizo ni hilo bila shaka. Kisha tazama:

```sql
SHOW CREATE TABLE arifa;
SELECT HEX(ujumbe) FROM arifa ORDER BY id DESC LIMIT 1;
```

Kama moto umeingia utaona `F09F94A5` ndani. Usipouona, haukuwahi kuingia, na anayetuma hana kosa. Dawa yake:

```sql
ALTER TABLE arifa CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4
  COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
```

Halafu na muunganisho wa programu yako nao uwe `utf8mb4`, watu wengi husahau hapo na kurudi kulia. Chukua nakala ya jedwali kwanza. Na kama una faharasa juu ya `VARCHAR(255)` kwenye MySQL ya zamani, itagoma, maana herufi 255 kwa baiti nne ni baiti 1020 na kikomo cha faharasa huko kilikuwa 767. Ndipo utakapoona watu wameandika 191.

Ujumbe uliokwisha kukatwa haurudi. Huo usiutafute.

#22 Mkwezi

Moyo umepita. Moto umekatwa. Jedwali linasema `CHARSET=utf8`. Mama, nakushukuru sana. Nabadilisha usiku watu wakilala.

#23 Nahodha_Apu

Nimesimama kusahihishwa. Lakini uzito nao upo, msiutupe.

#24 Mzee wa Baiti

Upo, ila si mahali unapodhani. Ujumbe wote kwenda kwa Apple unaruhusiwa hadi baiti 4096, na FCM ya Google vivyo hivyo. 🔥 ni baiti nne. Maktaba yako ikiiandika kwa namna ya kukwepa, `\ud83d\udd25`, inakuwa 12. Familia ya watu wanne, 👨‍👩‍👧‍👦, ni watu wanne na viunganishi vitatu visivyoonekana: baiti 25 kwa kawaida, 66 kwa namna ya kukwepa. Hata hivyo hujaukaribia ukuta kwa sentensi moja.

Pabaya ni pale unapokata mwenyewe. Wengi tunakata kichwa cha arifa kisizidi herufi fulani, na JavaScript haihesabu kama macho:

```js
"🔥".length               // 2
"🔥".slice(0, 1)          // nusu ya emoji
[..."👨‍👩‍👧‍👦"].length     // 7
```

Ukikata katikati ya moto, mtu anaona � mwishoni. Ukikata katikati ya familia, baba na mama wanabaki na watoto wanapotea, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani kama kosa. `Intl.Segmenter` inakata kwa vipande ambavyo jicho linaviona. Swift ya leo inahesabu familia kuwa moja yenyewe.

#25 Sauti ya Usiku

Naomba mnisikilize na mimi kidogo. Sioni, natumia TalkBack. Arifa yenye 🔥🔥🔥 mbele ya maneno mimi naisikia "moto, moto, moto" kabla sijajua nani amenitumia na anataka nini. Ikija kwenye skrini iliyofungwa nikiwa njiani, mara nyingi naifuta kabla ya kufika kwenye neno la kwanza. Na orodha ya maelezo dukani ambayo kila mstari unaanza na "roketi", "kufuli", "fataki ya sherehe" inachosha sana kuliko nukta ya kawaida.

Sisemi msiweke. Wekeni moja, na iwe mwishoni, baada ya maneno kusema kila kitu.

#26 Kipepeo

Sauti ya Usiku, hiyo ya mwishoni inagongana na ya Mzee. Mwishoni ndipo simu inapokata maandishi marefu, kwa hiyo wanaoona hawataiona kabisa.

#27 Mzee wa Baiti

Basi andikeni fupi.

#28 Zumari

Mimi bado naweka mbele. Kwenye orodha ya arifa kumi, ile yenye rangi mwanzoni ndiyo jicho linaipata. Najua utasema jicho la nani, Sauti ya Usiku, na nimekuelewa. Pengine dawa ni kuwa na ujumbe wa aina mbili, ila sijui nitamjuaje nani anatumia nini, na sipendi kumchunguza mtu kwa hilo.

#29 Tausi

Mkwezi aliuliza sheria za arifa, nimjibu maana tumezunguka.

Sijaona kifungu kinachotaja emoji ndani ya arifa. Mkaguzi anakagua apu, na arifa unazituma kutoka kwenye seva yako siku yoyote baada ya hapo. Kinachokaguliwa ni tabia. Kifungu 4.5.4 cha Apple kinasema arifa za matangazo zinahitaji mtu awe amekubali waziwazi ndani ya apu, na awe na mahali pa kukataa humo humo. "Fungua uone zawadi yako" inaweza kusomwa kama tangazo, emoji au bila emoji. Hapo ndipo ningekaa macho.

Google kwa upande wao wanakataza kuiga arifa na maonyo ya mfumo. Hapa emoji inaweza kukuponza: ⚠️ au 🔋 mbele ya maneno "Simu yako iko hatarini" si pambo tena, umejifanya mfumo wa simu.

#30 Debe Tupu

Swali jingine basi. Kuna mtumiaji wangu ana simu ya zamani, nilituma ❤️‍🔥 yeye akaona moyo na moto kando kando. Mwingine nilimtumia 🫨 akaona kisanduku. Nilisikia kuna maktaba ya kuingiza emoji mpya ndani ya apu.

#31 Kipepeo

Maktaba hiyo inasaidia ndani ya apu. Arifa inachorwa na mfumo, na mfumo unatumia fonti yake. Moyo unaowaka ni moyo na moto vilivyounganishwa, ulikuja na Emoji 13.1 mwaka 2020, kwa hiyo simu isiyoujua inakuonyesha vipande vyake, angalau maana inabaki. 🫨 ni herufi moja mpya ya mwaka 2022, haina vipande, ndiyo maana anaona kisanduku. Tangu Android 12 fonti ya emoji inaweza kusasishwa bila kungoja mfumo mzima, lakini simu za chini ya hapo zimebaki zilivyo. Kwenye arifa chagua za zamani, 🔥 na 🎉 zina umri mkubwa.

#32 Mkwezi

Mrejesho, wakuu. Jedwali limebadilishwa, `F09F94A5` naiona, na arifa imefika nzima kwenye simu tatu. Nimeiweka 🔥 mwishoni na sentensi nimeifupisha. Picha ya tatu nimepiga upya. Maelezo ya App Store nimeweka •, yamehifadhiwa mara moja.

Nikajaribu na ✅ peke yake kwa ajili ya Mzee na Kipepeo. Kwenye maelezo imekataliwa.

#33 Mzee wa Baiti

Kwenye maelezo. Yangu ilikuwa kwenye mambo mapya ya toleo. Jaribu huko.

#34 Nahodha_Apu

Na ukijaribu, iandike kwa kompyuta, usiitoe kwenye kibodi ya simu, ili tusije tukabishana tena juu ya ile herufi isiyoonekana.

#35 Kipepeo

✅ haihitaji U+FE0F, Nahodha, hiyo ni ya ✔. Lakini jaribu tu, Mkwezi, na mimi nataka kujua.